Picha ya Ufizi Imepotea: Andika Kabla Hujaja

Mara nyingi mgonjwa akiketi kwenye kiti changu, kabla hajafungua kinywa, hutoa simu. Anatelezesha kidole juu, anarudi chini, anafungua hiki na kufunga kile, kisha anakunja uso. “Daktari, nilikuwa na picha.” Simu iliibiwa stendi, au ilitumbukia kwenye ndoo, au mtoto alifuta picha ili apate nafasi ya mchezo, au picha ilitumwa kwa dada aliyeko Dar kwa ule mtindo wa kutazamwa mara moja tu, sasa haipo kwake wala kwa dada. Nami nikimulika kinywani, jipu lililopigwa picha halipo tena. Ufizi umetulia, shavu limerudi mahali pake, maumivu yaliondoka juzi.

Mimi ni daktari wa meno katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga, na maneno hayo nimeyazoea. Picha ile ingenionyesha ufizi ulivyokuwa kwa sekunde moja ya siku moja. Ninayoyatafuta ni mambo manne: mahali penyewe hasa, rangi, uvimbe ulivyokuwa, na saa za maumivu. Picha huonyesha la kwanza kwa nusu, la pili kwa kubahatisha, la tatu kidogo, na la nne haionyeshi kabisa. Yote manne mgonjwa bado anayo kichwani, yeye au yule aliyemmulikia tochi, ila kumbukumbu za namna hii huchanganyika upesi. Maumivu yakishaisha mtu husahau hata yalianza lini. Ndiyo maana nasema: picha ikipotea, kaa chini siku hiyohiyo uandike, kabla hujapanda gari kuja hospitali.

Nitaeleza kwa kutumia daftari la mgonjwa mmoja, fundi cherehani wa makamo aliyekuja akifuatana na mkewe. Nilimwamkia, “Shikamoo baba,” akaitika, kisha akasema, “Nimekuja na jino, daktari, lakini njiani limeninyamazia.” Simu yake ilikuwa imezima, na fundi simu alipoifufua picha zote zilikuwa zimekwenda. Mkewe ndiye aliyemhimiza aandike anachokumbuka, naye akaandika pale anapoandikia kila kitu, kwenye daftari la vipimo vya wateja, chini ya kiuno na mabega ya mtu aliyetaka kanzu. Alinisomea hivi:

“Chini kushoto, upande wa shavu. Jino la sita nikihesabu kutoka katikati, lile lililozibwa kwa rangi ya fedha. Kipele kipo chini, si ukingoni mwa ufizi, kama sentimita moja kutoka ukingo. Ukubwa kama kunde. Mke wangu amekibonyeza, kinabonyea. Katikati njano, pembeni pekundu palipoiva. Kimepasuka Jumanne alfajiri, mdomoni nimeonja chumvi na uozo, maumivu yakaisha. Siku mbili kabla ya hapo jino lilikuwa kama limerefuka, sikuweza kutafuna. Mwezi wa Ramadhani chai ya moto ya kufuturia iliniuma mpaka nikapanda kitandani, na maji ya baridi yananituliza. Baada ya Idi haliumi kabisa. Amoksilini siku tatu, nimeacha.”

Nilipomwomba anionyeshe jino kwa kidole, hakuonyesha la sita. Alionyesha la nyuma yake, la saba, lenye tundu jeusi ambalo hata mtoto angeliona. “Ni hili, daktari. Si unaona lilivyooza?” Daftari lilisema jino moja na kidole kikasema jingine. Hapo ndipo maandishi yake yalipoanza kufanya kazi.

Nianze na mahali. Katika faili mimi huandika 36. Huo ni utaratibu wa tarakimu mbili tunaoutumia madaktari wa meno karibu duniani kote: kinywa hugawanywa robo nne, tarakimu ya kwanza ni robo, ya pili ni hesabu ya jino kutoka katikati kwenda nyuma. Juu kulia ni 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4. Mgonjwa hana haja ya kujua robo. Anachohitaji ni kuhesabu. Simama mbele ya kioo, weka ncha ya ulimi katikati ya meno mawili ya mbele, kisha hesabu kuelekea nyuma: la kwanza na la pili ni ya mbele, la tatu ni chonge, la nne na la tano ni magego madogo, la sita, la saba na la nane ni magego makubwa, ingawa la nane wengine hawana. Ikiwa kuna jino lililong'olewa, hesabu pengo lake kana kwamba jino lipo, na uandike kwamba ni pengo. Bila hivyo la sita linageuka la tano na mimi natafuta mahali pasipo na kitu. Fundi alifanya jambo jingine la maana: alitaja alama ya jino, lile kuzibwa kwa rangi ya fedha. Hata kama angekosea hesabu, alama ingenirudisha.

Kulia na kushoto ni kwa mwenye kinywa, si kwa anayetazama. Hapa hata picha iliyopo huweza kupotosha. Kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipiga mwenyewe, mara nyingi hugeuza picha kama kioo kigeuzavyo, na baadhi ya simu huihifadhi ikiwa imegeuzwa vivyo hivyo. Picha ya karibu ya gego moja lenye ufizi wekundu haina pua wala kidevu cha kunionyesha upande. Nimeletewa picha nzuri, zenye mwanga, ambazo mwenyewe hakuweza kuniambia kama ni jino la kulia au la kushoto. Neno moja lililoandikwa siku ile lingetosha.

Kisha kuna umbali kutoka ukingo wa ufizi, na hili wagonjwa wengi hawaliandiki. Kipele kilicho ukingoni kabisa, pale jino linapochomoza, au kwenye kile kipande cha ufizi kati ya jino na jino, mara nyingi chanzo chake kiko kwenye ufizi wenyewe: ugaga ulioshuka chini ya ufizi, nyama iliyokwama, au kwa sisi wa pwani mwiba wa samaki ambao mtu hakumbuki hata aliula lini. Kipele kilicho chini zaidi, usawa wa ncha ya mzizi, hunipeleka kufikiria kiini cha jino kilichokufa na usaha uliotoboa mfupa ukatafuta njia ya kutokea. Matibabu ya hayo mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza nasafisha chini ya ufizi na kuondoa kilichokwama, na jino linabaki zima. La pili lazima nishughulikie ndani ya jino, au niling'oe. Kwa hiyo aliposoma “sentimita moja kutoka ukingo” nilikuwa tayari nimeanza kuliangalia jino lenyewe zaidi kuliko ufizi. Si sheria isiyovunjika, maana usaha husafiri, na tundu lake huweza kutokea mbele ya jino la jirani. Ndiyo sababu sikumaliza kwa daftari peke yake.

Upande wa shavu au upande wa ulimi, nao uandikwe. Ni neno moja, na huniepusha kutafuta pande mbili.

Rangi ni jambo gumu kidogo kwetu. Vitabu vingi husema ufizi wenye afya ni wa waridi, na mtu mweusi akisoma hivyo hushtuka anapoona wake una mabaka ya kahawia au meusi. Mabaka hayo kwa kawaida ni ya kuzaliwa nayo, hufanana kulia na kushoto, na hayajabadilika miaka yote. Kwenye ufizi wa namna hiyo wekundu haujitokezi kama kwenye picha za vitabuni. Uvimbe huonekana kama zambarau iliyokolea, ufizi unang'aa, na vile vishimo vidogo vilivyo kama ganda la chungwa hupotea. Kwa hiyo namwambia mgonjwa asiandike “pekundu” tu. Aangalie upande wa pili wa kinywa, mahali palepale, aandike tofauti: umekolea zaidi, unang'aa zaidi, au ni sawasawa. Kulinganisha huko kunanifaa kuliko picha iliyopigwa chini ya balbu ya njano, ambayo hugeuza kila kitu kuwa na rangi ya manjano, au kwa mwanga mkali wa simu, ambao huacha doa jeupe palepale ninapotaka kuona.

Weupe unataka maelezo ya ziada, na swali langu la kwanza huwa: uliweka nini? Watu husaga aspirini wakaibandika ufizini, na aspirini huunguza ngozi ya ndani ikawa nyeupe na kuchubuka. Mafuta ya karafuu yakiwekwa mengi nayo huunguza. Mgonjwa akija na utando mweupe juu ya uvimbe asiponiambia alichoweka, nitaanza kuwaza magonjwa ambayo hayapo. Wanaokula tambuu waandike pia, maana rangi yake hukaa kwenye meno na ufizi. Wenzetu wa Arusha, hasa waliokulia Maji ya Chai na vijiji vya jirani, wengi wana meno ya kahawia kutokana na madini ya floraidi kwenye maji waliyokunywa utotoni. Hiyo si kuoza, na huwa ya meno mengi kwa pamoja. Jino moja peke yake likigeuka kijivu katikati ya wenzake, hilo ni jambo jingine, na nataka kujua lilianza lini na kama liliwahi kupigwa au kugongwa, hata kama ni miaka mingi nyuma, kwenye mpira au kwa kuanguka na baiskeli.

Doa jeupe au jekundu ambalo hujaweka dawa yoyote, au kidonda chochote kinywani ambacho kimefikisha wiki mbili hakijapona, usiendelee kukiandika kila siku. Kilete.

Kuhusu uvimbe, fundi aliandika “kinabonyea” kwa sababu mkewe alinawa mikono akakigusa. Huo ulikuwa ujuzi ambao picha haiwezi kuubeba. Kinachobonyea kina majimaji ndani. Kigumu kama mfupa, kinachokua polepole kwa miezi bila maumivu yoyote, kinanitia wasiwasi zaidi kuliko jipu linalomliza mtu, kwa kuwa kwenye taya kuna vivimbe vinavyokua kimya namna hiyo, na hukaa muda mrefu mtu akisubiri viume ndipo aje. Kugusa kuwe kwa upole na kwa kidole safi. Usikiminye, usikitoboe kwa sindano ya kushonea. Ukubwa uandikwe kwa kitu ambacho sote tunakijua: punje ya mchele, kunde, haragwe. Ukisema “kikubwa” sitajua ukubwa gani. Andika pia kama shavu la nje lilivimba, na siku gani lilianza kupungua.

Halafu kile kionjo cha chumvi. Wagonjwa huona haya kukitaja, lakini kwangu ni habari kubwa: usaha umepata mlango. Ndiyo maana maumivu ya fundi yaliisha Jumanne alfajiri, na ndiyo maana alipofika kwangu jino lilikuwa limemnyamazia. Hakuwa amepona. Shinikizo ndilo lililotoka, na chanzo kikabaki palepale.

Sasa saa za maumivu. Hapa ndipo natamani kila mgonjwa angeandika ukurasa mzima, kwa sababu maumivu ya jino hufuata mwendo, na mwendo huo ukiandikwa vizuri unaniambia ugonjwa umefika wapi.

Mwanzoni, tundu likiwa halijafika kwenye kiini, maji ya baridi au kitu kitamu huchoma kidogo, kisha ndani ya sekunde chache maumivu yameondoka. Jino la namna hiyo kwa kawaida bado linaokolewa kwa kusafishwa na kuzibwa. Baadaye kiini chenyewe kinavimba. Kiini kiko ndani ya kuta ngumu zisizotanuka, kikivimba hakina pa kwenda, kwa hiyo maumivu hayaondoki pamoja na baridi. Yanabaki dakika kadhaa, pengine nusu saa. Yanakuja yenyewe bila kuguswa. Yanapwita usiku, na mtu akilala chali yanazidi kwa sababu damu imeelekea kichwani, akikaa anapata nafuu. Ikifika mbele zaidi, moto ndio unaouma na baridi inatuliza, mpaka mtu anatembea na chupa ya maji baridi mkononi. Soma tena mstari wa fundi kuhusu chai ya kufuturia na maji ya baridi. Mtu aliyeandika mstari huo hakujua kwamba alikuwa ananieleza kiini kinachokaribia kufa, na ameniwekea hata mwezi.

Kisha maumivu yanakoma. Huu ndio wakati unaowadanganya watu. “Baada ya Idi haliumi kabisa,” aliandika, na akadhani dawa imefanya kazi. Kiini kimekufa, hakina tena cha kuhisi. Vijidudu vilivyobaki ndani hushuka mpaka kwenye ncha ya mzizi na kuamsha uvimbe nje ya jino, kwenye nyuzi zinazolishikilia mfupani. Nyuzi zikivimba jino linasukumwa juu kidogo tu, lakini mtu anahisi limerefuka na linagonga kabla ya wenzake. Kutafuna kunakuwa adhabu. Baadaye usaha unatoboa mfupa, unainua ufizi, unapasuka, na maumivu yanashuka tena. Katika mwendo wote huo, kipele kilichopigwa picha ni siku mbili au tatu tu za mwisho.

Ndiyo sababu “linauma sana” hainisaidii. Nataka kujua kinachoyaanzisha: baridi, moto, tamu, kutafuna, au hakuna. Nataka kujua yanabaki muda gani baada ya kile kilichoyaanzisha kuondoka, na hapo mtu aangalie saa ya ukutani, maana dakika moja ya jino ni ndefu. Yanakuamsha usiku? Saa ngapi? Na ilikuwa tarehe gani, au karibu na tukio gani, yalipobadilika? Watu hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka Idi, mnada, msiba, siku shule zilipofunguliwa. Andika hivyohivyo. Mwingine ataniambia maumivu ni makali pale anapoachia kuuma, si anapouma, kama sindano mara moja halafu kimya. Hilo moja linanifanya nitafute ufa kwenye jino, na ufa ni vigumu kuuona kwa macho na hata kwa eksirei. Mwingine atasema meno yote ya juu ya upande mmoja yanauma kwa pamoja, na akiinama kusujudu yanazidi. Huyo huenda meno yake ni mazima na tatizo ni mafua yaliyojaza uwazi ulio juu ya mizizi, pembeni ya pua.

Tena mahali maumivu yanaposikika huweza kuwa si mahali yalipo. Kiini kikivimba, ubongo hukosea kutambua jino, hata taya. Jino la chini husikika juu, la juu likasikika chini, ila mara chache sana maumivu huvuka katikati kwenda upande wa pili. Kwa hiyo mgonjwa aandike pale anaposikia maumivu, na kando yake aandike pale alipoona kitu. Yasichanganywe. Fundi alichanganya aliponyoosha kidole: alionyesha jino analoliona limeoza na akaamini ndilo lililomuuma. Kwenye daftari, alipoandika kile alichokiona siku ile bila kukifasiri, hakukosea.

Nililifanyia kazi daftari hivi. Kwanza niliwekea baridi gego la upande wa pili, lililo zima, ili nijue jino lake la kawaida linajibuje. Lilishtuka, likatulia mara moja. La saba, lile lililooza, nalo lilishtuka, likatulia baada ya sekunde chache: bado liko hai. La sita halikusikia chochote. Nililigonga kwa mpini wa kioo, akasema, “Hapo kuna kitu, lakini si sana.” Kisha nilikausha ufizi kwa upepo pale alipoandika, upande wa shavu, sentimita moja chini ya ukingo, na nikamulika kwa karibu. Kulikuwa na kidoa kidogo kuliko kichwa cha pini, chenye rangi inayokaribia sana ile ya ufizi unaokizunguka. Nikapitisha humo kijiti laini cha gatapacha, kile tunachojazia mizizi, kikaingia bila maumivu, nikapiga eksirei kikiwa ndani. Kwenye picha kijiti kilijipinda na kuishia kwenye mzizi wa nyuma wa jino la sita, palipokuwa na kivuli cheusi cha mfupa ulioliwa. Chini ya kuzibwa kule kwa rangi ya fedha, kuoza kulikuwa kumeendelea bila kuonekana kwa nje.

Ningelipata bila daftari? Nadhani ndiyo, kwa kupima jino moja baada ya jingine. Lakini kidoa kile nisingekitafuta mahali pale hasa, na foleni ilikuwa nje. Nimewapokea watu waliong'olewa jino kwingine kwa kuwa lilikuwa na tundu linaloonekana, wakarudi nyumbani na maumivu yaleyale, kwa sababu lililokuwa likiuma lilikuwa jirani yake, zima kwa kutazama. Jino likishatoka, halirudi.

Kuhusu dawa, ule mstari wa mwisho wa fundi ulikuwa mfupi lakini ulinieleza kwa nini uvimbe wa shavu haukuwepo. Dawa za kuua vijidudu zinazonunuliwa duka la dawa, amoksilini au ile ya metronidazo ambayo wengi huiita Flajili, hupunguza uvimbe kwa siku kadhaa bila kuondoa chanzo, kwa sababu ndani ya jino lililokufa hakuna tena damu ya kuzifikisha. Andika jina, vidonge vingapi kwa siku, ulianza lini, umeacha lini. Usiache kuandika za maumivu, na hapa saa ni muhimu. Ukimeza diklofenaki saa mbili asubuhi nami nikakugonga jino saa nne, huenda usisikie kitu, na mimi nikaandika kwamba jino halina shida. Pakiti yenyewe ukiwa nayo, ilete. Na ukiwa na dawa ya kisukari au ya presha, au una ujauzito, liwe la kwanza kabisa juu ya karatasi.

Asiyejua kuandika, au aliyechoka kuandika, ajirekodi sauti kwenye simu akieleza mambo hayo manne. Sauti ya dakika mbili nitaisikiliza. Aliyemmulikia tochi naye aulizwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona rangi na mahali kwa macho yake. Na picha huenda bado ipo mahali: kwa shangazi aliyetumiwa, au kwenye simu ya kijana aliyeipiga. Ikiwa kipele bado kipo, piga nyingine, lakini mtu mwingine ashike simu na kutumia kamera ya nyuma, mchana karibu na dirisha, moja ikionyesha midomo na pua ili upande ujulikane, ya pili ya karibu.

Kinachotokana na kubahatisha kisiandikwe. Kama hukumbuki kilikuwa upande wa shavu au wa ulimi, acha wazi. Nafasi wazi naijaza kwa kupima. Jibu la kubahatisha linanipeleka kusiko.

Kuna hali ambazo usitafute karatasi. Ukiona uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni, sakafu ya mdomo imeinuka na kuusukuma ulimi juu, mate yanatoka kwa sababu kumeza kumekuwa kugumu, pumzi inabana, homa imepanda, au jicho limeanza kuziba kwa uvimbe wa shavu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa saa nane ya usiku. Usaha wa magego ya chini huweza kuingia chini ya ulimi na kuelekea shingoni, na ukifika huko unaziba njia ya hewa. Dalili nyingine ya kuharakisha ni kinywa kukataa kufunguka. Kwa kawaida mtu huweza kupitisha vidole vyake vitatu, vikiwa vimesimama kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kikiwa kinapita kimoja tu na kuna uvimbe, usisubiri asubuhi.

Fundi nilimweleza njia mbili: kusafishwa mizizi ya jino la sita na kujazwa, jambo linalochukua zaidi ya siku moja na gharama zaidi, kisha jino livishwe kofia ili lisivunjike, au kuling'oa. Alitaka kulibakiza, nikamwandikia rufaa ya matibabu ya mizizi. La saba nililisafisha na kuliziba mwenyewe siku ileile, kwa kuwa lilikuwa hai na tundu lake halijafika kiini. Maneno ya daftari lake niliyanakili kwenye faili kama alivyoyasema, pamoja na Ramadhani na chai ya futari.

Mizizi ikisafishwa vizuri, tundu la usaha kwenye ufizi hufunga lenyewe ndani ya siku au wiki chache bila kupakwa kitu, na fundi alipokuja kwangu tena baada ya matibabu hayo lake lilikuwa limefunga. Mfupa ndio unaochelewa. Kivuli kile cha eksirei huchukua miezi mingi kujaa, kwa hiyo nilimpangia kurudi baada ya miezi sita kupigwa picha nyingine. Kwa muda huo nilimwomba mkewe jambo moja: kipele kikitokea tena, popote upande ule wa kushoto, aandike siku, umbali kutoka ukingo, na kama mume wake ameonja chumvi, halafu waje bila kungoja tarehe niliyowapa.